Barafu Inavyolipa Deni la Joto

Mchana wa nyuzi 30 pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kilo moja ya barafu iliyokwisha kufika nyuzi 0 hunyonya jouli 334,000 za joto kutoka hewani ili iyeyuke yote. Joto hilo si kidogo. Lingetosha kupasha kilo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Hata hivyo, likishaingia lote, maji yanayochuruzika chini ya samaki huwa bado yako nyuzi 0 ileile.

Katika karne ya 19, mkemia Mfaransa Marcellin Berthelot alishikilia kwamba mabadiliko ya kikemia huelekea upande unaotoa joto jingi zaidi. Kwa mkaa unaowaka, kanuni hiyo inaonekana kukaa sawa. Barafu inaiangusha: inayeyuka yenyewe, na badala ya kutoa joto inalivuta.

Kinachoamua ni entropia, kipimo ambacho Rudolf Clausius alikipa jina mwaka 1865. Kinahusu idadi ya njia ambazo molekuli zinaweza kujipanga na kugawana nishati bila sisi kuona tofauti yoyote kwa nje. Katika barafu kila molekuli imefungwa mahali pake, imeshikwa na jirani zake wanne. Katika maji inajigeuza, inateleza, inabadilisha majirani. Joto linapoingia au kutoka polepole, entropia inayoongezeka au kupungua hupatikana kwa kugawa joto hilo kwa halijoto ya kelvini. Kitu cha baridi kina nishati haba, hivyo jouli zilezile hukifungulia njia nyingi zaidi kuliko zinavyokifungulia kitu cha moto.

Basi tupige hesabu. Barafu inapokea jouli 334,000 ikiwa kelvini 273, kwa hiyo entropia yake inapanda kwa 1,223 (jouli kwa kelvini). Hewa inatoa jouli hizohizo ikiwa kelvini 303, na inapoteza 1,102 tu. Ukijumlisha pande zote mbili, kuna ongezeko la 121. Joto halikuongezeka wala kupungua hata jouli moja. Limehama tu, kutoka mahali linapohesabika kidogo kwenda mahali linapohesabika zaidi. Ndani ya friza ya nyuzi 10 chini ya sifuri mambo yanageuka. Kwa makadirio hayohayo hewa ya huko, yenye kelvini 263, ingepoteza 1,270, na jumla ingekuwa hasara ya 47. Ndiyo maana barafu ya friza haiyeyuki. Kwenye nyuzi 0 kamili pande mbili zinatoka sare, na barafu na maji hukaa pamoja.

Mtu anaweza kuuliza: 121 kati ya 1,223 ni faida ndogo, mbona haitokei hata siku moja maji yakaganda yenyewe juani? Tuishushe hesabu hadi kwenye molekuli moja. Kwa wastani, kuyeyuka kunaipa molekuli ya maji njia kama 14 kwa kila moja iliyokuwa nayo, huku hewa ikipunguziwa njia zake mara 11 hivi. Faida inayobaki ni mara 1.3, ambayo peke yake si kitu. Lakini njia za molekuli mbalimbali huzidishana, hazijumlishwi. Kwa molekuli 100 tu, 1.3 ikizidishwa kwa yenyewe mara 100 inapita bilioni 200. Na kilo moja ya barafu ina molekuli trilioni 33 mara trilioni moja.

Hesabu hii haisemi lolote kuhusu muda. Muda unaamuliwa na kuta za boksi linalotunza barafu. Boksi linalopitisha wati 20 za joto litaimaliza kilo hiyo kwa saa nne na nusu na kidogo. Lenye sponji nene, linalopitisha wati 5, litafika saa 18. Entropia inayozaliwa mwishoni ni ileile 121 katika maboksi yote mawili.

Anayetaka kurudisha maji hayo yawe barafu ndiye anayeilipa hiyo 121. Izidishe kwa kelvini 303 za hewa ya nje, utapata kazi ya jouli 36,700 hivi kwa kilo, yaani takriban uniti 10 za umeme kwa tani. Hapo hakuna mtambo unaoweza kushuka zaidi, hata ukitengenezwa kwa ustadi gani. Mtambo halisi haufiki hata hapo, kwa sababu joto haliondoki kwenye maji bila kitu cha baridi zaidi kando yake, wala haliingii hewani bila kitu cha moto zaidi. Ukiwa na maji ya chumvi ya nyuzi 10 chini ya sifuri kuzunguka makopo ya barafu, na gesi inayopoa kwenye nyuzi 45 upande wa nje, kima cha chini kinapanda hadi uniti 19 kwa tani, kabla ya kuhesabu msuguano wa kompresa, pampu, na joto la maji ya bomba ambayo hayaingii kiwandani yakiwa nyuzi 0.