Kufuli Kwenye Jeni: Jinsi Bakteria wa Utumboni Anavyoingoja Laktosi

Mwaka 1885 daktari wa watoto mjini Munich, Theodor Escherich, alieleza bakteria aliyemkuta kwenye kinyesi cha watoto wachanga. Baadaye bakteria huyo alipewa jina lake: Escherichia coli. Maskani yake ni utumbo, na utumboni chakula hakitabiriki. Leo mwenye tumbo amekunywa kikombe cha maziwa chenye gramu 12 hivi za laktosi, ile sukari ya maziwa. Kisha zinapita siku nyingi bila hata tone.

Laktosi haiwi chakula ikiwa nzima. Imeundwa na sukari mbili zilizoungana, glukosi na galaktosi, na muungano huo lazima ukatwe kwanza. Mkataji ni kimeng'enya kiitwacho beta-galaktosidasi, na kukitengeneza si kazi ndogo. Kimeng'enya kimoja ni minyororo minne ya protini iliyoshikana, na kila mnyororo umefumwa kwa zaidi ya asidi amino 1,000. Bakteria aliyezama kwenye laktosi huwa navyo maelfu. Asiyepata laktosi huwa na vichache mno, vya kuhesabika. Jeni ni ileile kwa wote wawili. Swali lililowasumbua wanasayansi wa Paris kwa karibu miaka 20 lilikuwa hili: nani anamwambia bakteria aanze kazi, na kwa njia gani?

Lilianzia kwenye mchoro wa ajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jacques Monod alikuwa akipima jinsi bakteria wanavyoongezeka wanapopewa sukari mbili kwa pamoja. Alitarajia mstari upande moja kwa moja. Badala yake, kwa baadhi ya sukari, ulipanda, ukasimama, kisha ukapanda tena. Ukiwapa glukosi na laktosi ndivyo inavyokuwa: wanaimaliza glukosi kwanza, wanatulia kwa muda, halafu ndipo wanaigusa laktosi. Ule utulivu katikati ndio muda wa kujitengenezea vimeng'enya vya kukatia laktosi.

Jibu la kwanza lililomjia Monod lilikuwa rahisi, nalo halikuwa sahihi. Kulikuwa na bakteria wenye hitilafu ambao walitengeneza kimeng'enya saa zote, laktosi iwepo isiwepo. Monod alidhani hao wana kichocheo cha ndani kinachowasha jeni bila kungoja laktosi. Mwaka 1957 mwanasayansi Mmarekani Arthur Pardee alifika katika Taasisi ya Pasteur, na pamoja na Monod na François Jacob wakalipima wazo hilo kwa jaribio ambalo hadi leo linavutia kwa unyoofu wake.

Bakteria wengine huungana na kupitishiana DNA. Watafiti walichukua bakteria wapokeaji waliokuwa na kasoro mbili: jeni ya kimeng'enya imeharibika, na jeni inayodhibiti kazi hiyo nayo imeharibika. Wakawapitishia DNA kutoka kwa bakteria wazima, wenye jeni zote mbili salama. Laktosi haikuwekwa. Kama kweli wapokeaji wana kichocheo cha ndani, wangepaswa kuanza kutengeneza kimeng'enya na kuendelea bila kukoma.

Walianza, tena mapema, dakika chache tu baada ya jeni nzima kuingia. Lakini baada ya saa moja na ushee kazi ikasimama. Watafiti walipotia kemikali inayofanya kazi ya laktosi, ikaendelea.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Jeni ya udhibiti iliyoingia ilikuwa ikitengeneza kitu, na kitu hicho kilihitaji muda kujaa ndani ya seli. Kilipojaa, kikafunga. Kwa hiyo hali ya kawaida ya jeni za laktosi si kulala zikingoja kuamshwa. Ni kufungwa kwa makusudi. Wale bakteria wenye hitilafu hawakuwa na kichocheo cha ziada. Walikuwa wamepoteza kufuli.

Mwaka 1961 Jacob na Monod walieleza mpango mzima. Jeni tatu za laktosi zimepangana kwenye DNA na husomwa kwa mkupuo mmoja: ya kwanza ni ya kimeng'enya cha kukata, ya pili ni ya protini inayoiingiza laktosi ndani ya seli, na ya tatu mchango wake ni mdogo. Mbele yake kuna kipande kifupi cha DNA ambapo kizuizi, yaani lile kufuli, hukaa. Kikikaa hapo, mashine inayosoma jeni haiwezi kuanza. Kundi hilo zima likaitwa operoni. Mwaka 1965 wawili hao, pamoja na André Lwoff, walipata Tuzo ya Nobel, ingawa kizuizi chenyewe kilikuwa hakijatiwa mkononi na mtu yeyote. Walter Gilbert na Benno Müller-Hill ndio waliokitenga mwaka 1966 huko Harvard. Ugumu wa kazi yao unaeleweka: seli moja ina vizuizi kama 10 tu.

Msomaji makini atakuwa ameshaona tatizo. Laktosi haiingii ndani bila protini ya kuiingiza, na jeni ya protini hiyo imefungwa mpaka laktosi iingie. Basi laktosi ya kwanza inaingiaje?

Inaingia kwa sababu kufuli hulegea. Mara mojamoja kizuizi huachia DNA kwa muda mfupi, na jeni husomwa kabla hakijarudi. Mvujo huo huacha protini chache za kuingiza na vimeng'enya vichache vya kukata. Laktosi ikija, kiasi kidogo hupenya, na hapo kimeng'enya hufanya jambo la pili: baadhi ya laktosi hakiikati, bali huipanga upya kuwa sukari iitwayo alolaktosi. Hiyo ndiyo funguo. Hujibandika kwenye kizuizi, umbo la kizuizi hubadilika, nacho huiachia DNA. Dakika chache baadaye vimeng'enya vipya huanza kuonekana, milango huongezeka, laktosi zaidi huingia.

Laktosi ikiisha, kizuizi hurudi mahali pake. Nakala za jeni zilizokwisha kusomwa huharibika ndani ya dakika chache, lakini vimeng'enya hubaki. Hupungua kwa kugawana tu: seli ikijigawa, kila mtoto huondoka na nusu, na kwenye chakula kizuri mgawanyiko huchukua dakika 20 hivi.

Bado kuna ile glukosi ya Monod. Ikiwepo, mlango wa laktosi huzibwa, na protini nyingine inayoisaidia mashine ya kusoma jeni hukosa ishara ya kukaa kwenye DNA. Hivyo kuondoka kwa kizuizi peke yake hakutoshi. Operoni husomwa kwa nguvu pale laktosi ipo na glukosi imekwisha.

Matokeo ya swichi hii yanaonekana kwa macho katika maabara za hospitali. Sampuli ya kinyesi cha mgonjwa wa kuhara hupandwa kwenye sahani ya MacConkey, ambayo ina laktosi na rangi inayogeuka penye asidi. Bakteria wanaoila laktosi hutoa asidi, na makundi yao huwa ya waridi. Ndivyo aonekanavyo E. coli wa kawaida. Makundi ya Salmonella na Shigella kwa kawaida hubaki bila rangi, na hayo ndiyo mhudumu wa maabara huyachukua kwa uchunguzi zaidi.