Kiraka katika jina la Mũthoni

Programu ilikuwa ya chama cha akiba cha kina mama hapa Nairobi: orodha ya wanachama, michango ya mwezi, mikopo. Nilikuwa nimeiwekea fonti yangu niliyoipenda, herufi nene kidogo zenye mviringo, na kwenye kompyuta yangu ilipendeza. Siku ya kuionyesha, mhazini aliisogeza simu karibu na macho, akaiangalia kwa muda, kisha akasema, "Kijana, mbona jina langu lina kiraka?"

Nikaangalia. Jina lake ni Mũthoni. Herufi zote zilikuwa za fonti yangu isipokuwa ile ũ, iliyokuwa nyembamba na ndefu kidogo kuliko jirani zake. Ilionekana kama jina limeandikwa na watu wawili.

Kilichotokea ni hiki. Faili la fonti ni kabati la michoro, na kila mchoro una namba yake: herufi u ina namba yake, na ũ yenye kiwimbi juu ina nyingine. Simu ikikuta namba ambayo kabati lako halina mchoro wake, huenda kuukopa kwenye fonti nyingine iliyomo ndani ya simu. Ndicho kiraka alichokiona mama. Na kama hakuna fonti yoyote simuni yenye mchoro huo, hapo hujitokeza kile kijisanduku kitupu ambacho kila mwenye simu amewahi kukiona. Wabunifu wa herufi hukiita tofu, kwa kufananisha na vipande vile vyeupe vya chakula cha soya, na fonti za Noto za Google zilipata jina lao kutokana na nia ya kuviondoa visanduku hivyo.

Kiswahili chenyewe hakikupi taabu. Alfabeti yake ina herufi 24, haina nukta wala viwimbi, na fonti yoyote ya Kilatini inaiweza. Mtego wake ni mmoja tu, nao ni ile alama ya ng'ombe na ng'ambo. Kuna alama iliyonyooka na kuna iliyopinda, na kila moja ina namba yake. Baadhi ya simu huibadilisha iliyonyooka kuwa iliyopinda mtu anapoandika. Fonti iliyopunguzwa bila kukumbuka hiyo ya pili itakutia kiraka katikati ya neno la Kiswahili safi.

Lakini wanaotumia programu ya Kiswahili hawana majina ya Kiswahili peke yake. Gĩkũyũ na Kĩkamba wanahitaji ĩ na ũ. Waganda wana ŋ. Ukienda Lubumbashi, Kifaransa kinaleta é na ç. Kinachochekesha ni kwamba katika mgawanyo wa Google Fonts, fonti hukatwa mafungu kwa lugha, na fungu lile la msingi la Kilatini halina ĩ wala ũ. Zimo katika fungu la Kilatini kilichopanuliwa, na pia katika fungu la Kivietinamu, kwa kuwa Wavietinamu nao huziandika. Mimi nilikuwa nimechukua fungu la msingi. Kosa lilikuwa langu, wala si la fonti.

Basi kwa nini nisiache fonti ya simu yenyewe? Ndilo swali nililopaswa kuanza nalo. Simu za Android zimekuja na Roboto tangu 2011, na iPhone zina San Francisco tangu 2015. Zote mbili zimechorwa kwa ajili ya skrini ndogo, na nyuma yake simu imepanga fonti za Kiarabu, Kiamhari, Kichina na nyinginezo zinazoingia zamu kila zinapohitajika. Hazikuongezei hata kilobaiti moja. Ubaya wake ni kwamba huna usemi wa mwisho: baadhi ya watengenezaji wa simu huweka fonti zao, na baadhi ya simu humruhusu mwenyewe kuchagua mwandiko wa mapambo, kisha programu yako nayo ikavaa mapambo hayo. Usijaribu kuichukua San Francisco ukaipeleka Android ili zifanane. Leseni ya Apple hairuhusu.

Ukitaka fonti yako mwenyewe, hesabu uzito wake. Tuseme fonti ina Kilatini chote, Kigiriki na Kisiriliki, na faili moja ni KB 300. Unataka unene wa aina tatu: wa kawaida, wa kati na mzito. Tayari ni karibu MB 1, na mtu anaishusha kwa bando lake, wakati michoro mingi iliyomo hataiona maishani mwake. Ukitaka Kichina, faili moja tu linaweza kupita MB 10, kwa kuwa lina maelfu ya michoro.

Dawa ni kulipunguza kabati. Chombo kinachotumika sana ni pyftsubset, na fonti zenye leseni huria kama Inter na Noto zinaruhusu kazi hiyo. Nilichokifanya baada ya aibu yangu ni hiki:

```
pyftsubset fonti.ttf \
  --unicodes="U+0020-007E,U+00A0-017F,U+2010-2026" \
  --layout-features+=tnum \
  --output-file=ndogo.ttf
```

Fungu la kwanza ni herufi za kawaida na tarakimu. La pili lina é, ç, ĩ, ũ na ŋ. La tatu lina ile alama iliyopinda ya ng’ombe. Faili likashuka hadi makumi machache ya kilobaiti.

Mstari wa tnum nao una kisa chake. Katika fonti nyingi, Inter ikiwemo, tarakimu 1 ni nyembamba kuliko 8, hivyo safu ya fedha haisimami wima: 1,110 inajikunja chini ya 8,880. Fonti hizo zina seti nyingine ya tarakimu zenye upana sawa, ambayo programu huiita kwa jina la tnum. Chombo hiki cha kupunguza huitupa usipokiambia, na hakikupi onyo lolote. Mimi niligundua pale safu ya michango ilipoyumba kama foleni ya watoto. Roboto tarakimu zake zina upana sawa tangu mwanzo.

Hata hivyo kuwemo kwa mchoro hakutoshi. Angalia kiwimbi katika ukubwa mdogo: katika fonti nyingine kinaonekana kama kistari au nukta, na ĩ haitofautiani na i. Andika pia MŨTHONI kwa herufi kubwa ndani ya kitufe chenye kimo kilichofungwa, kisha ukuze maandishi kwenye mipangilio ya simu kama wafanyavyo wazee. Mara nyingi kiwimbi hukatwa kichwa.

Programu ya chama leo inatumia fonti ya simu katika orodha, fomu na hesabu zote. Fonti yangu niliibakiza kwenye jina la chama juu ya ukurasa wa kwanza, mahali ambapo maneno hayabadiliki na ninayajua herufi kwa herufi. Kwa programu ya fedha au ya majina ya watu, huo ndio uamuzi ambao ningeufanya tena. Nawe kabla hujalipia fonti yoyote, iweke kwenye simu ya bei nafuu uliyonayo karibu, uandike hivi: Ng’ombe wa Mũthoni, 1,110 na 8,880. Kisha mpe mtu mwenye jina hilo asome.