Leza na Ngozi Nyeusi

Mkazi wa Kambarage, mjini Shinyanga, akitaka kuondolewa ndevu kwa leza, tatizo ni melanini, rangi asilia ya mwili. Nuru hukusudiwa kufyonzwa na melanini ya unywele, igeuke joto na kuunguza shina lake. Lakini melanini imejaa pia katika tabaka la juu la ngozi nyeusi, na nuru hulipitia kwanza. Nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 755, inayotumika sana kwa ngozi nyeupe, hufyonzwa mno hapo. Ile ya nanomita 1064 hufyonzwa kidogo, ikapenya. Tena hutolewa kwa makumi ya milisekunde, ngozi ikipozwa, ili tabaka hilo jembamba lipoteze joto mapema kuliko shina.

Mchoro wa wino ngozini huhitaji mapigo mafupi mno, ya nanosekunde chache, yapasuayo chembe za wino. Nanomita 1064 hufaa wino mweusi; wino mwekundu huhitaji wimbi fupi zaidi, ambalo melanini hulinyang'anya wino.

Wakati wa kuondoa nywele, ngozi ikigeuka kijivu, imeungua. Malengelenge hufuata, kisha baka jeupe au jeusi, pengine kovu. Kwa kuwa wekundu hauonekani vema kwenye ngozi nyeusi, hujaribiwa kwanza mahali padogo, na matokeo yakangojewa.