Mbio fupi: Namna gani mguu wa nyuma unarudi mbele haraka hivi?

Kwenye viwanja vya shule za Masisi, vijana wakishindana mbio, watazamaji huangalia mguu unaosukuma ardhi. Ule mwingine, ulio hewani, hawaujali sana. Lakini mguu ule una kazi ngumu: ulibaki nyuma ya mwili, na unapaswa kufika mbele kabla mwili haujaanguka.

Una muda kiasi gani? Tuchukue mbio za Usain Bolt huko Berlin mwaka 2009. Alimaliza meta 100 kwa sekunde 9.58, akipiga hatua 41. Kwa wastani, kila hatua ilichukua karibu sekunde 0.23. Mguu mmoja unagusa ardhi kila baada ya hatua mbili, yaani kila sekunde 0.47 hivi. Ukiondoa karibu sekunde 0.1 ya kukanyaga, mguu unabaki na sekunde 0.37 tu za kurudi mbele.

Kazi hiyo inaanzishwa na misuli inayoinua paja. Mkubwa kati yao ni psoasi: unaanzia kwenye mifupa ya mgongo wa chini, unapita ndani ya kiuno, na kushika mfupa wa paja upande wa ndani, juu. Unasaidiwa na msuli ulioko ndani ya mfupa wa nyonga, na ule mrefu wa mbele ya paja, unaotumika pia kupiga mpira. Mkimbiaji anaposukuma ardhi, paja lake linaenda nyuma, na misuli hii inavutwa kama mpira wa manati. Hata kabla vidole havijaachana na ardhi, inaanza kuvuta paja mbele. Nguvu yake kubwa iko hapo, mwanzoni mwa safari.

Sasa, kisigino kinapanda karibu na makalio. Wengi hufikiri mkimbiaji anakunja goti kwa makusudi. Kwa sehemu kubwa si hivyo. Paja linapovutwa mbele kwa nguvu, sehemu ya chini ya mguu inachelewa, inabaki nyuma, na goti linajikunja lenyewe. Hiyo ni faida: mguu uliokunjwa ni mwepesi kuzungusha. Chukua jembe, ushike mwisho wa mpini na ulizungushe. Kisha shika karibu na chuma, uzungushe tena. Uzito ni uleule, lakini mara ya pili mkono hauchoki.

Paja likishapita chini ya mwili, misuli ile inapunguza kuvuta. Mwendo uliokwisha kupatikana unaendelea kulibeba. Halafu misuli ya makalio na ya nyuma ya paja inaanza kulizuia paja, na sehemu ya chini inarushwa mbele kama ncha ya fimbo. Goti linafunguka karibu bila kusukumwa. Mwishoni, misuli ya nyuma ya paja inafunga breki, mguu unashuka na kukanyaga. Breki hiyo ndiyo wakati misuli ya nyuma ya paja huchanika mara nyingi.

Kwa hiyo, zoezi la kupiga visigino makalioni huku magoti yakiangalia chini halifundishi kitu hiki vizuri. Kinachotakiwa ni paja kutangulia, kisigino kifuate. Mwalimu asimame pembeni na aangalie: mguu mmoja unapokanyaga, goti la mguu mwingine liwe tayari karibu na lile la chini. Kama bado liko mbali nyuma, mguu umechelewa. Kupanda kilima kwa kasi, meta 20 au 30, kunaifanyisha misuli hii kazi zaidi, na vilima Masisi havikosekani.

Lakini kuna mpaka. Watafiti wamepima watu wenye kasi tofauti na kukuta kwamba, kila mmoja akikimbia kwa mwendo wake wa juu kabisa, muda wa mguu hewani hautofautiani sana. Tofauti kubwa iko kwenye nguvu ya kusukuma ardhi ndani ya muda mfupi. Hata Ferdinand Omanyala wa Kenya, aliyekimbia sekunde 9.77 Nairobi mwaka 2021, hawezi kushinda kwa kurudisha mguu tu.

Maumivu nayo yana lugha yake. Uchovu kinenani unaopoa kwa siku mbili tatu ni kawaida. Lakini kijana wa miaka 14 hadi 17 akisikia kitu kinalia "pwa" mbele ya nyonga na kushindwa kuinua goti, aache kukimbia na asikandwe. Katika umri huo mfupa bado unakua, na msuli unaweza kung'oa kipande chake. Apelekwe kwa munganga siku hiyohiyo.