PSA Ikipanda, Uliza Kwanza Kilichotokea

Mzee wa miaka 62 amepewa majibu ya damu. Penye PSA pameandikwa 7.2, na pembeni kuna mshale unaoelekea juu. Anatoka maabara na neno moja kichwani: saratani. Hakuna aliyemuuliza habari za wiki mbili zilizopita, alipokuwa na homa na kukojoa kwa maumivu.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe nzima au ina ugonjwa. Kazi yake ni kuyeyusha shahawa. Kiasi kidogo tu huvujia kwenye damu. Maabara nyingi huweka mpaka kwenye nanogramu 4 kwa mililita. Lakini chochote kinachoivimbisha au kuijeruhi tezi huongeza uvujaji huo: maambukizi, mkojo kuziba, kuwekewa mpira wa mkojo, kukatwa kinyama. Hata kumwaga shahawa au kuendesha baiskeli mwendo mrefu kunaweza kuipandisha kidogo, ndiyo maana mgonjwa huambiwa ajizuie siku mbili kabla ya kipimo. Tezi inayotanuka kwa umri nayo huipandisha, bila saratani yoyote.

Namba ikiwa kati ya 4 na 10, daktari anaweza kuomba kipimo cha pili. Sehemu kubwa ya PSA husafiri imeshikamana na protini nyingine za damu, na iliyobaki huwa huru. Kwa mwenye saratani, sehemu huru huelekea kuwa ndogo. Ikizidi asilimia 25 ya PSA yote, uwezekano wa saratani ni mdogo; ikiwa chini ya 10, wasiwasi una msingi. Katikati hapo kipimo hakitoi jibu la wazi.

PSA huru ya mzee wetu ni 1.08. Ukiigawanya kwa 7.2 unapata asilimia 15. Hapa wengi hukimbilia kukata kinyama, na kwa maoni yangu ni mapema mno, kwa sababu tezi yenye maambukizi nayo inaweza kushusha uwiano huu. Anatibiwa kwanza, kisha anasubiri wiki 6 hadi 8. Anaporudi, PSA ni 3.1. Ataendelea kufuatiliwa, maana namba ya chini haifuti saratani kabisa, lakini sindano ya kinyama imeepukwa. Ingebaki 7, hatua ya kufuata ingekuwa kipimo cha MRI cha tezi, pale kinapopatikana.

Kuna jambo jingine ambalo mgonjwa halioni. PSA huru huharibika upesi kuliko ile iliyoshikamana. Damu iliyochukuliwa asubuhi kituoni, ikakaa mezani hadi jioni ikisubiri gari la kuipeleka maabara kuu, itatoa uwiano wa chini kuliko ulivyo kweli. Inatakiwa izungushwe kwenye mashine na maji yake yatenganishwe ndani ya saa chache, kisha yakae kwenye baridi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza damu yake ilitenganishwa saa ngapi.