Ujumbe wa pole kwa aliyepoteza nyumba

Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya themanini walifariki, na wengi walionusurika walipewa hifadhi kwenye shule wakiwa na nguo walizovaa tu. Kote nchini, ndugu na marafiki walishika simu na kujiuliza waandike nini.

Wengi wetu huandika haraka, na haraka hiyo ndiyo inayoleta maneno mabaya. "Mshukuru Mungu uko hai, vitu vinatafutwa." Anayeandika hivyo ana nia njema, lakini bado hajajua kama kwenye ile nyumba kuna aliyefariki. Hata kama wote wamesalimika, kile anachokiita vitu ni cherehani iliyokuwa inalipa ada, magunia ya mahindi ya mwaka mzima, na picha pekee ya baba aliyekwisha kufariki. Shukrani mwachie aliyepatwa aitamke mwenyewe, siku atakayoweza. Vivyo hivyo, usimuulize kwa nini walijenga bondeni. Swali hilo atalisikia sana kwa maofisa.

Kosa la pili halionekani kuwa kosa: "Ukihitaji chochote niambie." Mtu aliyelala darasani na watoto, simu yake ikiwa na chaji kidogo, hana nguvu ya kupanga mahitaji na kuchagua nani wa kumwomba. Ahadi hiyo inamwongezea kazi, na wengi hawaitumii kabisa. Ujumbe mzuri, kwa maoni yangu, haumdai jibu na unabeba jambo moja unaloweza kulifanya kweli.

Tuseme ni dada yako wa mtaani, fundi wa kushona. Unaweza kumwandikia hivi: "Dada, pole sana. Nimesikia maji yameingia kwako na nyumba imeanguka. Naumia kwa ajili yako na wanao. Najua ile cherehani ilikuwa mkono wako. Usihangaike kunijibu. Jumamosi saa nne nakuja na sufuria mbili, kanga na sare za watoto. Kama siku hiyo haifai, niandikie neno 'hapana' tu."

Ujumbe huo unaitaja hasara kwa jina lake, kwa hiyo dada anajua umeiona. Umetaja siku na vitu, hakuna cha kukisia. Na hautoi sababu ya msiba wala hauahidi kwamba yote yatakuwa sawa, maana huna uwezo wa kulithibitisha hilo.

Kabla ya kutuma, kumbuka kwamba huenda simu yenyewe imekwenda na maji. Usipopata jibu, usidhani amekukasirikia; tuma salamu kupitia jirani, mjumbe wa mtaa au kiongozi wa dini. Pesa pia usizitume kwanza. Laini ikipotea, zitakaa kwenye akaunti asiyoweza kuifungua mpaka airudishe laini yake, kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Na ukipokea ujumbe kutoka namba ngeni unaosema "ni mimi, nimeunguliwa, nitumie kwa namba hii", piga uisikie sauti yake. Matapeli hupenda siku kama hizo.

Kuna zawadi moja ambayo wengi wanayo bila kujua. Fungua simu yako utafute mazungumzo yenu ya zamani. Huenda aliwahi kukutumia picha ya kitambulisho, cheti cha mtoto au hati ya kiwanja. Huenda unazo picha za harusi yake. Picha ya cheti si cheti, lakini namba iliyoandikwa juu yake humrahisishia kazi atakapokwenda polisi kuchukua taarifa ya upotevu, kisha RITA au NIDA kuomba nyaraka nyingine. Hizo mtumie yeye peke yake, kamwe si kwenye kundi. Picha za harusi ni vyema zisubiri, na umuulize kwanza kama yuko tayari kuziona.

Wiki ya kwanza simu huwa hazikatiki. Upweke huja baadaye, misaada ikiisha, shule zikihitaji madarasa yao na mtu akianza kutafuta chumba cha kupanga. Wakati huo ujumbe mfupi una thamani kubwa kuliko wa siku ya kwanza: "Dada, bado nakukumbuka. Jumapili napika, nawaletea chakula cha mchana." Basi leo, ukishatuma pole yako ya kwanza, weka kengele kwenye simu baada ya wiki tatu, uandike tena.