Karata Ikifunuka, Nani Aamue?

Katibu wa klabu moja ya wisti amewaandikia wanachama barua akipendekeza kanuni za nyumbani. Wisti huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akiwa na karata 13. Msingi wa barua ni kwamba mkosaji asifaidike na kosa lake.

Tuseme mgawaji anagawa, mara ree ya kopa inafunuka. Angeachiwa aamue mwenyewe, angeendelea ikiwa ree imemwangukia mwenzake, na angefuta mgao ikiwa imekwenda kwa wapinzani. Kwa hiyo uamuzi ni wa wapinzani, tena kabla hawajagusa karata zao.

Hesabu ikiharibika, mmoja akapata 14 na mwingine 12, zamu ya kugawa inahamia kwa anayefuata. Hiyo ni hasara kweli, kwani karata ya mwisho hufunuliwa kuonyesha turufu, nayo hubaki kwa mgawaji.

Na karata ikimponyoka mchezaji katikati ya mchezo? Inalala wazi mezani, na wapinzani wanaweza kumtaka aicheze wakati wowote kanuni za mchezo zinaporuhusu.